Uzi: Mama yuko kitandani, asubuhi presha 114/68, jioni 168/94. Nishike ipi?

Binti wa Korogwe

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba msaada kwa anayejua kuuguza mgonjwa wa kitandani.

Mama yangu ana miaka 71. Alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ndio umelegea. Anasikia, anaongea kidogo, anakula uji na vitu laini, lakini kukaa mwenyewe hawezi. Namgeuza kila baada ya saa mbili kwa ajili ya vidonda vya kulalia. Anatumia amlodipini 5 asubuhi na losatani 50 usiku.

Nilinunua mashine ya presha ya mkononi, ile ya mkanda unaojijaza upepo. Tangu wiki iliyopita asubuhi inasoma 114/68, 116/70, siku moja 110/66. Jioni inaruka: 168/94, 162/90, jana 171/96. Mjomba alipoona zile za asubuhi akasema presha imeshashuka, nikimpa kidonge nitamuua. Nikaacha amlodipini siku tatu. Sasa jioni nikiona 171 moyo unanienda mbio, sijui nimekosea wapi. Presha ya kweli ni ipi hapo?

Fundi Saa

Badilisha betri kwanza. Betri zikichoka hizo mashine zinayumba. Na uipeleke zahanati ilinganishwe na yao, mimi yangu ilikuwa inazidisha.

Mzee Kigoda

Pole sana binti. Kosa ni mkono. Presha hupimwa mkono wa kushoto kwa sababu uko karibu na moyo. Pima kushoto siku zote, achana na kulia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwanangu, kabla hatujagusa betri wala moyo, niambie haya, usiruke hata moja.

Asubuhi unapompima amelalia ubavu gani? Mkanda unaufunga mkono upi, na huo mkono umekaa wapi? Jioni je? Na dakika zile kabla ya kupima ulikuwa unamfanya nini?

Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka mingi, na baba yangu nilimuuguza nyumbani hadi mwisho. Namba zako zinanikumbusha kitu.

Binti wa Korogwe

Shikamoo mama.

Asubuhi ni saa 12, kabla sijampa uji. Anakuwa amelalia ubavu wa kulia, ndio zamu yake ya alfajiri. Mkono wa kulia uko chini yake, kwa hiyo nafunga wa kushoto ulio juu. Nauacha umelala juu ya ubavu wake, hauna nguvu, unatulia tu.

Jioni ni saa 2 usiku. Namlaza chali, nafunga mkono wa kulia kwa sababu niko upande huo. Kitanda kiko ukutani, mashine naiweka kwenye kigoda, kwa hiyo mkono unashuka kidogo pembeni ya godoro ili mrija ufike. Hapo anakuwa ametoka kula, nimemfuta mwili na kumbadilisha nepi. Napima hapo hapo nisije nikasahau.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Marahaba mwanangu. Basi mashine yako huenda ni nzima kabisa. Inakuambia presha iliyopo pale mkanda ulipo, na mkanda wako asubuhi uko juu ya moyo, jioni uko chini ya moyo.

Fikiria ndoo ya maji yenye mpira. Ukiuinua mdomo wa mpira maji yanatoka kinyonge, ukiushusha yanatoka kwa nguvu, na ndoo ni ile ile. Damu nayo ina uzito. Kila sentimita 10 mkanda unapokuwa juu ya usawa wa moyo, mashine inapunguza kama 7 au 8 kwenye namba. Ukiwa chini ya moyo sentimita 10, inaongeza kiasi hicho hicho. Namba ya juu na namba ya chini zote zinasogea.

Mtu akilala ubavu, moyo uko katikati ya upana wa kifua. Mkono wa juu umepanda hadi kwenye bega lililo angani, na ule wa chini umebanwa na mwili kwa hiyo nao haufai. Ndiyo maana kwa ubavu hatupimi, isipokuwa hakuna njia nyingine kabisa. Na hapo ukipima, unaandika kwenye daftari "ubavu wa kulia, mkono wa juu", ili anayesoma asidanganyike.

Jambo la pili ni huo mkono wenyewe. Mkono uliolegea kwa kiharusi hauaminiki kwa presha. Uliolegea kama kitambaa mara nyingi unasoma chini, uliokaza na kukunjamana unasoma juu. Mzee Kigoda, nakuheshimu, ila habari ya kushoto kwa sababu ya moyo si sababu. Mara ya kwanza mgonjwa hupimwa mikono yote miwili, unaochaguliwa ni ule unaosoma juu zaidi, kisha unabaki nao huo huo. Kwa huyu mama kushoto ndio upande wa kiharusi, kwa hiyo tunashika kulia.

Jioni nako umempima ametoka kula, amegeuzwa, amefutwa maji, na labda ana mkojo. Yote hayo yanapandisha. Subiri nusu saa baada ya chakula na usafi, halafu umwache atulie dakika 5 kamili bila kuongeleshwa.

Kuhusu kidonge, kesho asubuhi piga simu kliniki inayomwandikia dawa, uwaambie ukweli kwamba umeacha siku tatu na kwa nini. Usimpe viwili kufidia.

Mzee Kigoda

Nimekuelewa sista. Sisi tuliambiwa hivyo jeshini na hatukuuliza. Lakini naomba nijue, mtu wa kitandani utamwekaje huo mkono sawa na moyo? Si ameshalala chali, kila kitu kiko usawa mmoja?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Swali zuri, na hapo ndipo hata sisi wa wodini tunakosea.

Mgonjwa akilala chali, moyo hauko kwenye godoro. Uko katikati ya unene wa kifua, kati ya mgongo na ule mfupa wa mbele. Mkono ukilala kwenye shuka uko chini ya hapo kwa sentimita kadhaa, na godoro likibonyea unazama zaidi. Kwa hiyo unaweka kitu chini ya mkono. Mimi nilikuwa nakunja kanga mbili au taulo mpaka mkanda ulingane na katikati ya kifua ukitazama kwa pembeni. Mkono mzima ulale juu yake, kiganja kitazame juu, mgonjwa asiushikilie yeye, maana misuli ikikaza namba inapanda.

Na tafadhali, usimlaze mama chali bapa kwa sababu ya presha. Mtu wa kiharusi anayemeza kwa shida akilazwa bapa baada ya uji, uji unaweza kurudi ukaingia kwenye mapafu. Mwinue kichwa na mgongo kwa mito, mwinuko wa wastani, mwache hivyo hivyo, wewe ndio uufuate moyo kwa mkono. Akiwa ameinuliwa hivyo, usawa wa moyo ni katikati ya ule mfupa wa kifuani, na mkono ukiachwa kwenye godoro unabaki chini sana, kwa hiyo taulo zitakuwa nyingi zaidi. Mwinuko uwe ule ule kila siku. Baba yangu nilikuwa nampangia mito mitatu, ile ile, kwa mpangilio ule ule.

Mkanda ufunge kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko, uwe umebana kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Mkono wa dera ukiukunja ukabana begani, hiyo nayo ni kamba. Toa mkono mzima nje.

Pima mara mbili, katikati upumzike dakika moja au mbili. Andika zote mbili.

Dogo wa Mbagala

Mimi kaka yangu alianguka na bodaboda, akavunjika uti wa mgongo huku juu, mabegani kushuka hana hisia. Yeye presha yake siku zote ni 95 kwa 60, hospitali walisema ndivyo alivyo. Wiki iliyopita ghafla kichwa kinamuuma, uso mwekundu, jasho shingoni, tukapima 148/92. Jirani akasema hiyo si mbaya, wengine wanaishi na 150. Sasa na yeye nimwekee taulo?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, ya kaka yako si ya taulo. Mwenye Korogwe tuvumiliane kidogo, hili ni la haraka.

Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo huku juu, 148 wakati kawaida yake ni 95 ni hatari, hata kama kwa jirani ni namba ya kawaida. Mwili umeudhika na kitu chini ya pale alipoumia, yeye hakisikii, na presha inapanda kujibu. Mara nyingi ni kibofu kimejaa. Ikitokea tena, mwinueni akae wima mara moja, miguu ishuke, legezeni mkanda wa suruali, soksi na chochote kinachobana. Fuateni mpira wa mkojo kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko mwone kama umekunjika, umelaliwa au umeziba. Kama haujakunjika na mkojo hautoki, au kichwa hakitulii, ni hospitali saa hiyo hiyo, na mlangoni mseme ameumia uti wa mgongo na presha yake ya kawaida ni 95. Nanyi iliishaje?

Dogo wa Mbagala

Dah. Alikuwa ameulalia mpira. Tulipomgeuza mfuko ukajaa, akatulia. Tulidhani ni bahati.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Haikuwa bahati. Hata hivyo mpelekeni kliniki mwaeleze, ili mpewe maelekezo yenu kabla haijarudi.

Shangazi Mpole

Binti, mimi ningekuwa wewe hiyo 171 nisingelala nayo. Kuna kile kidonge cha nifedipini, unakitoboa unamdondoshea chini ya ulimi, nusu saa imeshuka. Mama mkwe wangu tulimfanyia hivyo mara mbili.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Shangazi, najua unasema kwa mapenzi. Zamani hata hospitalini ilifanyika. Iliachwa kwa sababu inaporomosha presha ghafla bila mtu kuweza kuizuia, na ubongo ulioshazoea presha ya juu unakosa damu. Kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi unaweza kumletea cha pili kwa mkono wako mwenyewe. Nimewahi kumpokea mgonjwa wa namna hiyo. Alitoka kwao anaongea, alifika haongei. Naomba asithubutu.

Mfamasia Kijana

Naunga mkono, na niongeze kitu kuhusu amlodipini, kwa sababu watu wengi wanaitumia kama dawa ya maumivu, kwamba ukiona namba unameza. Amlodipini inaingia taratibu na inakaa mwilini siku kadhaa. Ukimpa cha ziada saa 2 usiku kwa sababu ya 171, saa 3 hutaona kitu, utadhani haijafanya kazi, utaongeza kingine, halafu kesho yake mchana ndio zote zinakutana. Vivyo hivyo ukiacha leo, kesho bado ipo. Ndiyo maana Binti aliacha siku ya kwanza akaona asubuhi bado 114, akaamini mjomba alikuwa sahihi.

Binti wa Korogwe

Ni kweli kabisa, ndivyo ilivyokuwa. Siku ya pili nilimwambia mjomba "umeona, hata bila kidonge iko chini".

Nimepiga simu kliniki leo asubuhi. Daktari ameniambia nirudishe amlodipini kimoja kama kawaida, nipime kama sista alivyoelekeza, nimpelekee daftari baada ya wiki.

Binti wa Korogwe (siku mbili baadaye)

Narudi na majibu. Jana nilifanya jambo ambalo sista hakuniambia, natumaini sijakosea.

Saa 1 asubuhi mama amelala chali, mito miwili mikubwa na mmoja mdogo, nimemaliza kumbadilisha muda mrefu. Nikakunja taulo ya kuogea mara nne chini ya mkono wa kulia mpaka mkanda ukalingana na kifua, nilichutama nikatazama kwa pembeni. Nikanyamaza dakika tano kwa saa. Mashine ikasoma 142/84. Baada ya dakika mbili 138/82.

Kisha nikahamisha mkanda mkono wa kushoto, nao nikauwekea taulo vile vile. 130/78.

Ilipofika zamu ya kugeuka nikamlaza ubavu wa kulia kama nilivyozoea, nikasubiri tena dakika tano, nikapima kushoto ule wa juu. 115/67. Nikachukua rula ya mwanangu ya shule, nikapima toka katikati ya kifua hadi kwenye mkanda. Sentimita 19.

Mama yule yule, hajameza kitu katikati, ndani ya saa moja. Nilikaa kitandani pale nikalia. Siku tatu nimemnyima dawa kwa sababu ya rula.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Usilie mwanangu, na hukukosea. Hesabu imekaa vizuri mno. Mkono wa kushoto ukiwa usawa wa moyo unasoma kama 10 chini ya wa kulia, huo ndio ulegevu wa kiharusi, ingawa hata watu wazima wa afya mikono yao inaweza kutofautiana kidogo. Sentimita 19 kuwa juu ni kama 14 au 15 nyingine. Toa hizo kwenye 140 unafika pale pale kwenye 115.

Ya jioni siwezi kukugawia hivyo. Mkono kuning'inia, chakula, kugeuzwa na dawa uliyoacha vyote vilikuwepo, na kila kimoja kilitoa chake.

Mwambie daktari hiyo tofauti ya mikono miwili.

Mama Watoto Wawili

Naomba nisimame upande wa mjomba kidogo, msinielewe vibaya. Sote hapa tunasema namba ya chini ni mkao. Bibi yangu alikuwa kitandani kwa nyonga, tukapima 88/52. Nikasema mashine haijakaa vizuri, nikapima tena, 86/50. Nikasema ni mkono. Tukapima kesho yake tena. Bibi alikuwa na kidonda cha kulalia mgongoni, chini ya bandeji kimeoza, na sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Namba ilikuwa ya kweli. Tulichelewa siku moja na nusu kwa kubishana na mashine.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana dada. Umesema jambo ambalo ningelisahau, na watu wengi wanaoumia nyumbani huumia hivyo.

Tofauti unaiona kwa mtu. Mama wa Korogwe alipokuwa anasoma 114 alikuwa anakula uji wake, anamjua binti yake, mikono ina joto, nepi zinalowa kama kawaida. Bibi yako nadhani alikuwa analala sana, au anaongea mambo yasiyoeleweka?

Mama Watoto Wawili

Alikuwa ananiita kwa jina la mama yangu. Vidole baridi. Nepi ilikuwa kavu tangu usiku, nikafurahi kwamba hajajichafua.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Basi ndiyo hayo. Namba ya chini pamoja na usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mikono baridi, jasho, kupumua haraka au nepi kavu, unarekebisha mkao mara moja, unapima mara moja tena, na gari linatafutwa wakati mashine bado inajaza upepo. Usingoje homa, wazee wengi hawapandishi. Ikiwa ametoka kuharisha au kutapika, ni hivyo hivyo.

Kwa Binti, muulize daktari akuandikie kwenye daftari namba ambayo chini yake usimpe kidonge mpaka mmeongea. Wengi huandika 100, wengine 90, kwa mgonjwa wako aseme yeye. Hiyo namba ingekuwepo mapema, mjomba asingekuwa na la kusema.

Kwa upande wa juu, 180 kwa 120 na zaidi, mpumzishe, upime tena baada ya dakika 5. Ikibaki huko na hana lolote, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Lakini kama kuna kichwa kikali, kifua, kuhema, mdomo kwenda upande, ulegevu mpya, kutoona vizuri au kuchanganyikiwa, hospitali bila kupima tena. Na dalili za kiharusi kipya ni hospitali hata mashine ikisoma 130.

Fundi Saa

Sista, mashine yangu huwa inaonyesha alama ya moyo unaometameta, halafu namba tatu mfululizo hazifanani. Mkono wa baba uko kwenye taulo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Alama hiyo kwenye baadhi ya mashine inasema mapigo hayaendi sawa. Inaweza kuwa ametikisika tu. Shika kifundo cha mkono wake dakika nzima uhesabu. Kama mapigo yanakuja ovyo bila mpangilio, hizo mashine zinakosea zaidi, pima mara tatu uchukue wastani, na umpeleke apimwe umeme wa moyo. Hilo lenyewe linaleta kiharusi, usilikalie.

Mfamasia Kijana

Binti, mama ana mwili gani? Mikanda mingi ya hizo mashine ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32, imeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Wagonjwa wa kitandani hukonda. Mkanda mkubwa kuliko mkono unasoma chini, mdogo unasoma juu.

Binti wa Korogwe

Nimepima kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. 23. Nitaangalia tena baada ya mwezi maana anapungua.

Mzee Kigoda

Na apime mara ngapi kwa siku? Mimi nasema asubuhi, mchana na jioni, uwe na uhakika.

Mfamasia Kijana

Asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili mbili, siku saba kabla ya kliniki. Siku ya kwanza unaitupa, zinazobaki unatoa wastani. Nyumbani wastani ukifika 135 kwa 85 tunasema iko juu, hatungoji 140 ya kliniki.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hiyo wiki ya kliniki nakubali. Wiki nyingine zote kila siku sikubali. Baba yangu mwishoni alikuwa akisikia mlio wa mashine anakunja uso, na namba inapanda kwa woga. Mgonjwa ambaye dawa hazijabadilishwa na yuko vizuri, siku moja au mbili kwa wiki zinatosha, na siku yoyote ukimwona si yeye. Halafu hiyo 135 kwa mzee dhaifu wa miaka 71 aliye kitandani, madaktari wenyewe hawakubaliani wamshushe hadi wapi. Mwingine ukimbana afike huko, ukimwinua kumlisha anazirai.

Mfamasia Kijana

Kwa mzee dhaifu sawa. Lakini huyu ameshapata kiharusi, mimi ningeogopa zaidi kuiacha juu. Kupima mara moja kwa wiki utakosa mengi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Tumwachie daktari wake. Mimi na wewe hatujamwona mama.

Binti wa Korogwe (wiki moja baadaye)

Nimetoka kliniki. Wastani wa siku sita ulikuwa 139/82. Daktari hajabadilisha dawa. Ameandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari: mkono wa kulia, chali mito mitatu, chini ya 100 nipige simu kabla ya kidonge. Kuhusu mikono kutofautiana amesema atamchunguza mishipa akienda tena, kwa sasa kulia tu.

Mjomba nimemwonyesha rula. Amekaa kimya muda mrefu, halafu ameuliza kama naweza kumpima na yeye.

Nimebaki na swali moja. Mkono wa kulia umeanza kuwa na alama nyekundu pale mkanda unapobana, ngozi yake imekuwa nyepesi kama karatasi. Naweza kuweka kitambaa chembamba chini ya mkanda, au kitaharibu namba?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kitambaa kimoja chembamba kisicho na mkunjo hakibadilishi sana, kanga si taulo. Uandike kwenye daftari kwamba kuanzia leo kuna kanga, na kiwepo kila siku. Kama alama haiondoki baada ya nusu saa au ngozi imechubuka, pumzisha mkono huo usipime, upige simu kliniki. Niwekee picha ya hapo palipo nyekundu, kwenye mwanga wa dirishani.